Siku Isiyo na Safu: Sifuri, Tupu, na Mstari Uliopanda Bila Sababu

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeandika namba tano hapa ubaoni: 6, 5, 7, 6, 8. Ni idadi ya ripoti za hitilafu zilizofika kwenye dawati la mafundi, siku kwa siku, mwanzoni mwa mwezi Machi. Ukizichora na kupitisha mstari wa mwelekeo katikati yake, mstari huo unapanda kwa nusu ripoti kila hatua. Mkuu wa dawati aliuona ukipanda, akaanza kupanga zamu ya ziada. Grafu niliichora mimi.

Kabla zamu haijapangwa, fundi mmoja alinifuata akaniuliza: "Kaka, tarehe 7 na 8 tulikaa hapa hatukupata simu hata moja. Mbona kwenye grafu yako siku hizo hazipo?" Nilirudi kwenye jedwali, nikazitazama zile namba tano pamoja na tarehe zake. Ya kwanza ni ya tarehe 1, ya pili ya tarehe 2, kisha tarehe 4, tarehe 6, na tarehe 9. Siku tisa zimepita, na mimi nina safu tano. Tarehe 3, 5, 7 na 8 hazikuwa sifuri wala tupu. Hazikuwapo kabisa.

Chanzo ni rahisi kueleza. Jedwali la ripoti lina safu mlalo moja kwa kila ripoti iliyofika. Ripoti sita zikifika tarehe 1, kuna safu sita zenye tarehe hiyo. Amri ya `GROUP BY siku` hukusanya safu zenye tarehe moja na kuzihesabu, na haina kalenda ndani yake. Siku ambayo hakuna aliyeripoti chochote haina safu ya kukusanywa, kwa hiyo haitokei kwenye jibu. Jambo lililotukia huacha alama, na jambo ambalo halikutukia haliachi. Kila jedwali la matukio liko hivyo, na hakuna kosa ndani yake. Kosa linaanza pale tunapolichukua jibu la `GROUP BY` na kulichora kana kwamba ni kalenda.

Tuangalie pengo hilo linafanya nini kwenye grafu, maana hapa ndipo mtu hudanganyika bila kujua. Kuna namna mbili za mhimili wa tarehe. Namna ya kwanza huzichukulia tarehe kama majina tu: inapanga 1, 2, 4, 6 na 9 kwa nafasi sawa, na siku zilizokosekana zinafutika bila alama yoyote. Namna ya pili huheshimu umbali wa wakati na kuweka kila tarehe mahali pake, lakini bado huunganisha nukta moja na inayofuata kwa mstari. Kutoka tarehe 6 yenye ripoti 6 hadi tarehe 9 yenye ripoti 8, mstari unapita juu ya tarehe 7 kwenye kimo cha karibu 6.7, na juu ya tarehe 8 kwenye kimo cha karibu 7.3. Siku zile ambazo mafundi walikaa bila kazi, grafu yangu imewabunia ripoti saba kwa siku. Namna hii ya pili inaonekana sahihi zaidi kuliko ya kwanza, na kwa sababu hiyo ninaiogopa zaidi.

Sasa tuhesabu. Wastani wa zile safu tano ni 32 gawa kwa 5, yaani 6.4 kwa siku. Hata hivyo, siku ni tisa. Tarehe 3, 7 na 8 mafundi walikuwapo, mfumo ulikuwa hewani, na hakuna aliyeripoti, kwa hiyo hizo ni sifuri za kweli. Tarehe 5 ni habari nyingine. Usiku ule faili kutoka kwenye mfumo wa kupokea ripoti haikupakiwa, na hatukujua siku ile ilikuwa na ripoti ngapi. Hivyo tuna siku nane zinazojulikana, na wastani ni 32 gawa kwa 8, yaani 4. Tofauti ya 6.4 na 4 ni kubwa. Inatosha kabisa kumfanya mtu aongeze zamu isiyohitajika.

Mwelekeo nao uligeuka. Nilipoweka siku nane kwenye tarehe zake halisi, yaani 6, 5, 0, 7, kisha pengo la tarehe 5, halafu 6, 0, 0, 8, mstari wa mwelekeo haukupanda tena. Ulishuka kwa takriban 0.13 kwa siku. Mshuko huo ni mdogo, na kwa siku nane tu sithubutu kusema ripoti zilikuwa zinapungua. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba kule kupanda kwa 0.5 hakukuwa na msingi. Kulitokana na kuzifuta siku tulivu na kubakiza zenye shughuli peke yake.

Dalili ya ugonjwa huu hupatikana kwa amri fupi, na huwa naiendesha kabla ya kuamini grafu yoyote niliyokabidhiwa:

```sql
SELECT MAX(siku) - MIN(siku) + 1 AS siku_za_kalenda,
       COUNT(DISTINCT siku)      AS siku_zilizopo
FROM ripoti;
```

Kama safu wima ya `siku` ni ya aina ya tarehe, PostgreSQL itakupa namba mbili. Kwetu sisi zilikuwa 9 na 5. Namba hizo zisipolingana, kuna mapengo, na kila hesabu inayotegemea mpangilio wa safu iko mashakani. Zikilingana usilale moja kwa moja, kwa sababu amri hii haioni pengo lililo kabla ya tarehe ya kwanza wala lililo baada ya ya mwisho.

Hesabu zinazotegemea mpangilio wa safu ndizo zinazoumia kimyakimya. Chukua wastani unaosogea wa siku tatu. Wengi tunaandika `ROWS BETWEEN 2 PRECEDING AND CURRENT ROW`, na vichwani mwetu tunasoma "siku tatu". Amri yenyewe inasema "safu tatu". Kwa tarehe 9 kwenye jedwali lenye mapengo, safu tatu za mwisho ni za tarehe 4, 6 na 9, na wastani wake ni 7. Siku tatu za kweli ni tarehe 7, 8 na 9, na wastani wake ni 8 gawa kwa 3, karibu 2.7. `LAG` nayo ni hivyohivyo: ukiiomba ikupe jana, inakupa safu iliyotangulia, hata kama ni ya siku tatu nyuma.

Basi nikaamua kuziba mapengo, na jaribio langu la kwanza lilikuwa baya kuliko pengo lenyewe. Niliandika amri ya usiku iliyotafuta tarehe zilizokosekana na kuingiza safu yenye sifuri kwenye jedwali la muhtasari wa kila siku. Grafu ikatulia. Kisha ile faili ya tarehe 5 ikapatikana, ikapakiwa, na ndani yake kulikuwa na ripoti 9. Nilisubiri dashibodi isasishwe nione tarehe 5 ikiruka hadi 9. Haikuruka. Ilibaki sifuri.

Ilinichukua nusu siku kugundua sababu. Amri ya kujaza muhtasari ilikuwa na `ON CONFLICT DO NOTHING`, iliyowekwa ili kuzuia siku moja isiingizwe mara mbili. Safu yangu ya sifuri ilikuwa imekwisha kukalia kiti cha tarehe 5. Ripoti tisa za kweli zilipofika, hifadhidata iliona siku hiyo tayari ina safu, ikaziacha mlangoni bila kulalamika. Sifuri niliyoibuni iliifukuza namba halisi. Tangu siku ile siingizi safu za kujaza kwenye jedwali linalohifadhi data. Ninazitengeneza wakati wa kusoma, ndani ya amri au mwonekano unaolisha grafu, ili kila usasishaji uanze upya na kalenda safi.

Njia yenyewe ni kuanza na kalenda, kisha kuipachikia matukio. Kalenda ndiyo inayoamua ni safu ngapi zitatoka, na matukio yanajaza pale yalipo:

```sql
SELECT k.siku,
       CASE WHEN u.siku IS NULL THEN NULL
            ELSE COUNT(r.id) END AS idadi
FROM (SELECT generate_series(
               DATE '2025-03-01',
               (SELECT MAX(siku) FROM upakiaji),
               INTERVAL '1 day')::date AS siku) k
LEFT JOIN upakiaji u ON u.siku = k.siku
LEFT JOIN ripoti   r ON r.siku = k.siku
GROUP BY k.siku, u.siku
ORDER BY k.siku;
```

Naomba tukae kidogo hapa, kwa sababu kila kipande kina sababu yake.

Jedwali la `upakiaji` ndilo moyo wa jambo hili. Lina safu moja kwa kila siku ambayo data yake ilipakiwa hadi mwisho bila hitilafu. Bila jedwali kama hilo huwezi kutofautisha siku isiyo na tukio na siku isiyo na habari, kwa sababu ndani ya jedwali la ripoti zote mbili zinafanana: hakuna kitu. Wengi huandika `COALESCE(idadi, 0)` na kuendelea na safari. Amri hiyo inatamka kwamba kila kimya ni sifuri. Kwa tarehe 3 ingekuwa kweli, na kwa tarehe 5 ingekuwa uongo. Hapa kwetu tarehe 3 ina safu kwenye `upakiaji`, kwa hiyo inapata 0. Tarehe 5 haina, kwa hiyo inapata `NULL`, yaani tupu, na grafu itaonyesha mkatiko badala ya kuuzamisha mstari hadi chini.

Angalia pia kwamba nimehesabu `COUNT(r.id)`, sikuandika `COUNT(*)`. Baada ya `LEFT JOIN`, siku isiyo na ripoti bado ina safu moja ya kalenda, na `COUNT(*)` ingeihesabu hiyo na kukupa 1. Ukiona grafu ambayo siku zake tulivu zote zimelala kwenye moja, na haifiki sifuri hata siku moja, anzia hapo.

Mtego mwingine ni sharti la kuchuja. Ukitaka ripoti za dharura tu na ukaandika `WHERE r.aina = 'dharura'` mwishoni, siku zote zisizo na ripoti zinatoweka tena, kwa kuwa kwao `r.aina` ni tupu na tupu haipiti sharti hilo. Unakuwa umejenga kalenda kwa mkono mmoja na kuibomoa kwa mwingine. Sharti hilo liandikwe ndani ya `ON`, pamoja na `r.siku = k.siku`. Jedwali la `upakiaji` nalo lazima liwe na safu moja tu kwa siku. Siku ikiandikwa mara mbili, hesabu ya ripoti za siku hiyo itatoka maradufu. Ifanye safu wima ya `siku` kuwa ufunguo wa msingi, na hatari hiyo inaisha.

Sasa mwisho wa kalenda. Dashibodi yetu ilikuwa ikisasishwa saa sita mchana. Tarehe 10 saa sita tayari kulikuwa na ripoti 2, na saa sita nyingine za kazi zilikuwa mbele. Ukiiacha kalenda ifike leo bila kuuliza `upakiaji`, mstari unaanguka hivyo kila mchana, na kila asubuhi ya kesho yake unakuwa umejirekebisha. Watu wakizoea anguko hilo huacha kuliamini hata siku ambayo ni la kweli. Ndiyo maana kalenda inaishia kwenye `MAX(siku)` ya upakiaji, siku ya mwisho iliyokamilika. Njia hii ina gharama: upakiaji ukikwama siku tatu mfululizo, mstari hautaonyesha pengo, utaishia tu mapema, na msomaji asiyetazama tarehe hatagundua. Chini ya grafu ninaandika "data hadi tarehe" fulani, na namba hiyo hutoka kwenye jedwali lilelile.

Wanaotumia Power BI wanakijua kishawishi cha kuongeza `+ 0` mwishoni mwa kipimo ili siku tupu zionekane. Zinaonekana kweli, lakini zote, hadi mwisho wa jedwali la kalenda. Kama kalenda yako inafika Desemba, mstari wa Machi utashuka hadi sifuri na kutambaa chini miezi tisa ijayo, na wastani utatambaa nao. Kipimo lazima kiangalie kwanza kama tarehe imevuka siku ya mwisho iliyopakiwa. Ikiwa imevuka, kirudishe `BLANK()`.

Kwa Excel kuna jambo ambalo limewapotosha watu makini. Fomula inayorudisha `""` inaonekana kama seli tupu, lakini kwa Excel hayo ni maandishi, na grafu ya mstari huyachora kama sifuri. Ukitumia `NA()`, grafu haiweki nukta mahali hapo, ila inaweza kuunganisha nukta za pande mbili kwa mstari, na tumerudi kwenye zile ripoti saba za kubuni. Kwenye `Select Data`, bonyeza `Hidden and Empty Cells`, utakuta uamuzi huo: `Gaps`, `Zero`, au `Connect data points with line`. Matoleo mapya yana pia kisanduku cha `Show #N/A as empty cell`. Kwa siku isiyojulikana ninachagua `Gaps`, na siku za sifuri ninaziandika sifuri kwa namba. Uamuzi wa siku gani ni sifuri na siku gani ni tupu ufanyike kwenye data. Menyu ya grafu haijui ni usiku gani faili yako ilishindwa kupakiwa.

Yote niliyosema yanahusu vitu vinavyohesabiwa: ripoti, mauzo, simu, ziara. Kwa vitu vinavyopimwa, sifuri haina nafasi. Kipima joto kikikosa kutuma kipimo saa nane, joto halikuwa nyuzi sifuri, na safu ya saa hiyo ni tupu tu. Kwa salio la ghala ni tofauti tena. Siku isiyo na kuingia wala kutoka kwa bidhaa ina salio lilelile la jana, kwa hiyo unabeba namba ya mwisho kwenda mbele. Hata hapo uliza kwanza kama siku hiyo ilipakiwa. Ukiubeba mzigo wa jana kupita wiki nzima ya kimya, utachora mstari mnyoofu na safi juu ya wiki usiyoijua.

Ukiwa na mifululizo mingi, kwa mfano madawati manne, kalenda peke yake haitoshi. Unahitaji kila siku kwa kila dawati, na `CROSS JOIN` ya kalenda na orodha ya madawati inakupa hilo. Jedwali la upakiaji nalo litaje dawati, kwa sababu faili ya dawati moja inaweza kukwama huku nyingine tatu zikipita. Dawati lililofunguliwa tarehe 20 lisipewe sifuri kumi na tisa za kabla halijazaliwa. Kwake kalenda inaanza tarehe 20, la sivyo mstari wake wa mwelekeo utaonekana kupaa kwa nguvu ambazo hazikuwapo.

Kuna kikomo kimoja ambacho njia hii haikivuki. Faili ikipakiwa nusu na mfumo ukaandika kwamba umemaliza, `upakiaji` itasema siku ipo, na nusu ile itachorwa kama siku nzima. Kalenda haiwezi kukuokoa hapo. Ninachofanya ni kuhifadhi kwenye `upakiaji` idadi ya safu ambazo mfumo wa chanzo unasema umetuma, kisha kuilinganisha na zilizofika, na siku ambayo namba hizo hazilingani haihesabiwi kuwa imekamilika. Inabaki tupu mpaka itengenezwe.

Turudi tarehe 5, nimalizie. Baada ya kuifuta amri yangu ya usiku pamoja na sifuri zake zote, nilipakia tena ile faili iliyochelewa. `upakiaji` ikapata safu ya tarehe 5, na usasishaji uliofuata ukaichora 9 mahali palipokuwa na mkatiko. Wastani ukatoka 4 ukafika 41 gawa kwa 9, karibu 4.6. Mstari wa mwelekeo ulinyanyuka kidogo mzima mzima, lakini mwinamo wake ulibaki 0.13 kwenda chini, kwa sababu tarehe 5 iko katikati kabisa ya siku 1 hadi 9, na nukta ya katikati haiwezi kuuinamisha mstari upande wowote. Ingekuwa faili ya tarehe 1 au ya tarehe 9 ndiyo iliyochelewa, mwinamo ungebadilika. Nilimpelekea fundi yule grafu mpya. Aliweka kidole kwenye tarehe 7, akakisogeza hadi tarehe 8, akasema, "Sasa tupo."